Simu ya Mzee Yagoma Kwenye Asilimia Moja

Mzee mmoja wa mahindi hapa Busia, upande wetu wa Uganda, aliniletea simu inayonuka ngege. Kabla sijauliza akanieleza: mpwa wake alimwambia betri iliyochoka hupata nguvu ikilala kwenye friza, naye akailaza pamoja na samaki. Nikamwambia mpwa ameviharibu vyote viwili, simu na kitoweo. Baridi haiongezi chaji, na simu ikitolewa humo inatoa jasho ndani, maji yanatambaa kwenye bodi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. Ukichomeka chaja, simu inawaka, inapiga ule wimbo wake wa kuamka, inaonyesha 1%, inazima. Haijapita dakika inaamka tena, wimbo tena. Kila ikiimba, mzee anapiga makofi: "Haya, imepona!" Jirani yangu anayekaanga rolex za chapati na mayai akaanza kuitikia kwa mwiko. Nikaona nitapasuka kichwa kabla ya simu.

Nikaweka mita ya USB kati ya chaja na waya. Ilisoma ampea 0.4 tu, waya mwembamba kama wa redio. Sasa piga hesabu. Simu ya aina hii ikiamka inaweza kutaka karibu ampea 2 kwa muda mfupi. Chaja imeleta 0.4, hizo 1.6 zilizobaki zinadaiwa kwa betri. Ndiyo maana simu inazima ikiwa kwenye umeme: waya umechomekwa, lakini mzigo mkubwa umebebwa na mgonjwa.

Nikafungua mgongo. Betri haikuvimba, ingevimba ningeitoa hapo hapo, betri ya hivyo haichajiwi. Nikashika ncha zake na mita ya volti: simu ikiwa imezimwa, bila chaja, volti 3.82. Hiyo si betri tupu hata kidogo, ina kama nusu. Nikarudisha chaja, nikabonyeza kuwasha, macho kwenye mita: 3.82, 3.5, 3.15, kimya. Imeporomoka volti 0.67 kwa ampea 1.6, yaani ukinzani wa ndani ni kama omu 0.4. Betri nzima ya simu huwa na sehemu ndogo tu ya huo. Kwa hiyo chaji ipo, ila mlango wa kuitolea umekuwa mwembamba.

"Mbona basi inasema moja?" mzee akauliza. "Inanidanganya?"

Haidanganyi, imedanganywa. Ndani kuna chipu inayohesabu umeme unaoingia na kutoka, kama karani wa ghala anayeandika magunia. Hesabu hiyo huteleza kidogo kidogo, kwa hiyo chipu huisahihisha kwa kusoma volti ya betri ikiwa imetulia. Simu ya mzee haikutulia kamwe. Kila ilipoamka, volti ilisomwa katikati ya mzigo, ikaonekana 3.2, na kwa chipu 3.2 ni ghala tupu. Ikaandika 1%. Simu ikazima, chaja ikaiamsha, ikasomwa vibaya tena.

Wale wanaokushauri ufute faili la Android la `batterystats.bin` ili asilimia isome sawa wanakupotezea muda. Faili hilo linatunza takwimu za programu gani imekula chaji, na mhandisi wa Google alishasema mwaka 2012 kwamba halihusiki na asilimia inayoonyeshwa.

Nilibadilisha waya na chaja, nikaiacha ichaji ikiwa imezimwa mpaka ampea kwenye mita zikashuka karibu na sifuri, nikachomoa, ikapumzika saa moja. Kuiwasha: 96%! Mzee akasimama kwenda zake. Nikamwomba apige picha moja yenye flashi. Akapiga, simu ikazima. Akakaa.

Tukaweka betri mpya. Nilikataa ile ya bei poa iliyoandikwa mAh 6,000 kwenye ganda jembamba kuliko la mAh 4,000. Maandishi hayajazi betri. Nikamwonya kwamba chipu bado inakumbuka udogo wa betri ya zamani, kwa hiyo safari ya kwanza aitumie mpaka iishe, kisha aijaze bila kuchomoa njiani.

Jioni akanipigia simu, sauti ya kilio. "Fundi, imerudi kwenye moja!"

"Mzee, imekaa hapo tangu lini?"

"Tangu adhuhuri!"

"Na muda wote huo umekuwa ukifanya nini?"

"Naongea na watu wa Tororo kuhusu mahindi."

Nikamwambia aendelee kuongea mpaka izime yenyewe, ndipo chipu ijifunze ukubwa wa ghala jipya. Akaongea. Salio likaisha, chaji ikabaki.