Kodi ya mlangoni: kuingiza na kutoa pesa za kubeti kwa M-PESA

"Niliweka elfu moja, nikabadilisha nia, nikatoa yote bila kubeti hata mechi moja. Mbona kwenye M-PESA imerudi mia tisa na mbili?"

Kwa sababu umekatwa mara mbili. Tangu 1 Julai 2025, Sheria ya Fedha ya Kenya inatoza ushuru wa asilimia 5 kwa kila kiasi kinachoingia kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 nyingine kwa kila kinachotoka. Elfu yako iliingia ikiwa 950. Ulipoitoa ikakatwa 47.50, zikabaki 902.50. Hakuna aliyekuibia. Sheria haiulizi kama umeshinda, umeshindwa au hukucheza. Inatazama mlango tu.

Wanaousifu mpango huu wana hoja nzito. Kabla ya hapo ushuru ulikuwa asilimia 15 ya kila dau, na mshindi akakatwa asilimia 20 ya faida yake. Chukua elfu moja kwa odi ya 2.00. Kwa utaratibu wa zamani 150 zinaondoka kwanza, dau linabaki 850, mechi ikitiki unapata 1,700. Faida ni 850, inakatwa 170, unaondoka na 1,530. Kwa utaratibu wa sasa dau ni 950, linazaa 1,900, ukitoa inakatwa 95 na unapokea 1,805. Tofauti ni shilingi 275 mfukoni mwa mshindi. Tena anayeweka mara moja akazungusha pesa hiyo kwa mechi kumi analipa ushuru wa kuingia mara moja tu, ilhali zamani kila dau lilikuwa na makato yake.

Serikali nayo imepata wepesi. Mwaka 2019 kampuni za kubeti na mamlaka ya kodi, KRA, zilivutana kuhusu maana ya "ushindi": je, dau lako mwenyewe likirudi ni sehemu ya ushindi? Mvutano huo wa kodi ulifika mahali kampuni 27 zikakosa kuongezewa leseni, na mitandao ya simu ikaagizwa kufunga nambari zao za Paybill. Siku hizi hakuna cha kubishania. Pesa imepita mlangoni, imekatwa.

Ila hesabu hiyo ya 1,530 na 1,805 ni ya mtu anayeweka mara moja, akashinda, akatoa, akaenda zake. Wabetaji wengi hawaishi hivyo. Yuko mwenye mazoea ya kutoa kila anaposhinda, hata kama ni 400, kwa sababu anajua pesa ikikaa kwenye akaunti ya kubeti italiwa na jamvi la mechi za usiku. Jumamosi ijayo anaweka tena kidogo. Watu humwambia ajilaumu, kwani angeiacha humo asingekatwa. Hapo ndipo naona hajaeleweka.

Tazama mzunguko mmoja. Shilingi 1,000 zilizomo kwenye akaunti ya kubeti zikitoka zinakuwa 950. Zikirudi zote zinakuwa 902.50. Kutoka na kurudi kumekula 97.50, karibu sehemu moja ya kumi, kabla refa hajapuliza kipenga. Zungusha hivyo mara nne, mara moja kila wikendi kwa mwezi mzima, na ile 1,000 imebaki 663. Theluthi nzima imekwenda bila kubashiri chochote. Anayeziacha zilale ndani halipi hata senti kwa mwezi huohuo.

Kwa hiyo sheria inamsukuma mtu aache pesa mahali ambapo kidole kimoja kinatosha kuzipoteza. Hazizai riba pale, wala akaunti ile si benki. Na yaliyotokea 2019 yanaonyesha kwamba Paybill inaweza kufungwa pesa zako zikiwa upande wa pili. Kumtoza mtu kwa kurudisha pesa yake mwenyewe, ambayo hata haijachezwa, ni kukitoza kile kitendo cha tahadhari ambacho tungetaka akifanye. Ingewezekana kabisa kutoza kiasi kinachotolewa juu ya kile kilichowekwa, maana kampuni inazo rekodi zote mbili. Ni kweli hesabu hiyo ingerudisha sehemu ya ubishi wa 2019, na silipuuzi hilo, lakini mzigo wa kurahisisha kazi umeangukia mwenye pesa kidogo.

Kwake kuna makato ya tatu pia. Akitoa 200 zinafika 190 kwenye M-PESA, na akienda kwa wakala kuchukua pesa taslimu kuanzia 101 hadi 2,500, ada ni 29. Kati ya 200, 39 zimeondoka. Ndiyo maana kwa viwango vidogo ni afadhali kulipia kitu moja kwa moja kutoka kwenye simu kuliko kupita kwa wakala, na ni afadhali kutoa 800 mara moja kuliko 200 mara nne. Kodi itakuwa ileile 40, lakini ada ya wakala italipwa mara moja.

Kumbukumbu ndizo zinazofichua haya, na taarifa ya M-PESA peke yake haitoshi. Ujumbe wa kuweka husema "sent to" pamoja na kiasi kizima, na kwenye "Transaction cost" utaona ada ya M-PESA pekee. Ushuru unakatwa upande wa kampuni, kwa hiyo M-PESA haiujui. Ujumbe wa kutoa nao unaonyesha kilichobaki baada ya kukatwa. Andika namba nne kwa kila safari: ulichotuma, kilichosomeka kwenye akaunti, ulichoomba kutoa, kilichofika.

Chukua mwezi wa mtu aliyetuma 500 mara nne. Ametuma 2,000, zikasomeka 1,900. Akaomba kutoa 800, kisha 600, zikafika 760 na 570. Akaunti imebaki sufuri. Akikumbuka kwa kichwa atasema, "Niliweka elfu mbili, nikatoa elfu moja mia nne, nimepoteza mia sita." Daftari linasema amepungukiwa 670: 500 zimeliwa na mechi, 170 ni kodi. Robo ya hasara yake haikutokana na ubashiri, na bila zile namba nne asingeiona.

Kwa viwango vikubwa, kumbuka mipaka ya M-PESA: 250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Ukiwa na 400,000 kwenye simu na ukaomba kutoa 200,000, zitakazofika ni 190,000, jumla 590,000, na muamala utakwama. Punguza salio kwanza. Muamala ukikwama, fungua historia ya akaunti ya kubeti uone kama zimerudi 200,000 kamili au 190,000. Zikirudi 190,000, kodi imekatwa kwa pesa ambayo haikutoka. Piga picha ya skrini hiyo yenye tarehe na saa, uiambatishe kwenye malalamiko kwa kampuni pamoja na taarifa ya M-PESA ya siku hiyo, ambayo haitaonyesha chochote kilichoingia.