Kumficha mtu mbele ya watu wanaomjua: idhini katika filamu za udhalilishaji Pemba

Filamu za hali halisi kuhusu udhalilishaji wa kijinsia hapa kwetu mara nyingi huanza kwa njia moja. Mtengenezaji huenda kwa sheha, sheha humfikisha kwenye familia iliyofikwa na msiba, mama wa familia hutia saini karatasi, kamera huwashwa, na uso wake hufunikwa ukungu wakati wa kuhariri. Utaratibu huu unaonekana wa heshima, lakini kwa maoni yangu haumlindi yule anayezungumza, na katika Pemba haumlindi hata kidogo.

Sheha ndiye anayemthibitisha mkaazi anapotafuta kitambulisho, na ndiye anayeendewa panapozuka mzozo wa ardhi au wa ndoa. Mwanamke aliyeletewa mgeni na mtu huyo ataona muhali kukataa. Muhali huohuo unaozifanya familia zimalizane kesi majumbani badala ya kuzifikisha mahakamani ndio unaomfanya mama huyo aseme ndiyo mbele ya kamera, na mtengenezaji huondoka akiamini amepewa ruhusa. Kwa hiyo sheha apewe taarifa ya kazi kwa ujumla, bila kutajiwa nani atahojiwa. Mzungumzaji atafutwe kupitia mtu ambaye yeye anaweza kumkatalia bila hasara, kama vile mshauri wa kituo cha mkono kwa mkono kinachowahudumia waliofanyiwa udhalilishaji, na jibu la siku ya kwanza lisihesabiwe. Arudiwe siku nyengine, akiwa peke yake, aulizwe upya.

Nitaeleza kisa kimoja cha filamu niliyoihariri, nikiacha kwa makusudi kila kitakachomtambulisha mhusika. Mama mmoja wa kijijini Pemba alikubali kusimulia safari ya kesi ya binti yake, kuanzia kituo cha polisi mpaka siku ambayo mashahidi hawakutokea mahakamani. Alipigwa picha kwa nyuma, uso haukuingia hata mara moja, na sauti yake ilishushwa kidogo kwa kompyuta. Kabla ya kuifunga filamu tulimwonesha kipande chake nyumbani kwa jamaa yake mjini Chake Chake, na mwenzetu wa kike ndiye aliyekaa naye. Tulimpa swali moja tu: nani atakujua hapa, na kwa kitu gani?

Alitazama mara mbili, kisha akasema: "Mwanangu, huyo anayeadhini huko nyuma ni wa msikiti wetu. Akisikika yeye, watu wote wameshajua ni wapi."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameisikia adhana hiyo kama alama ya mtu. Kwetu ilikuwa sauti ya mazingira. Akaendelea. Khanga aliyojifunika aliivaa katika harusi ya mpwa wake, na picha za harusi zilikuwa kwenye simu za watu. Mlango uliokuwa pembeni ya fremu ulikuwa umepakwa rangi ambayo nyumba nyengine za hapo hazina. Aliposema kwamba mumewe alikuwa Mombasa wakati ule, mtu wa kijiji cha pili angeweza kumaliza hesabu. Kila alama kati ya hizo ni ndogo, lakini jirani hahitaji zaidi ya mbili au tatu. Tena picha ya droni ya kijiji ilikuwa imepangwa mara tu kabla ya maneno yake, kwa hivyo uhariri wenyewe ulikuwa umeshamwelekeza mtazamaji mahali pa kutafuta.

Ndiyo maana nasema swali lile aulizwe mhusika mwenyewe. Mhariri anajua taa na sauti, lakini hajui nani alihudhuria harusi ipi.

Tulichofanya baadaye ndicho ninachokipendekeza kwa wengine. Sauti yake tuliiondoa yote, maneno yakasomwa na mwanamke wa upande mwengine wa kisiwa, na maandishi kwenye kioo yakaeleza wazi kwamba sauti si yake. Kushusha au kupandisha sauti kwa kompyuta hakuondoi lafudhi wala mwendo wa kuzungumza, na mara nyingi mabadiliko ya namna hiyo yanaweza kurudishwa na mtu mwenye programu ya kawaida. Kipemba chenyewe hutofautiana baina ya sehemu na sehemu, na masikio ya wenyeji hayakosei. Picha za nyumba tulizibadilisha kwa za mahali pengine, droni tukaipeleka mwishoni mwa filamu juu ya mji mkubwa, na safari ya mume tukaitoa, kwa kuwa kesi inaeleweka bila ya hiyo. Mambo yanayoibeba hoja, yaani kuahirishwa kwa kesi na mashahidi kuvunjika moyo, yalibaki kama alivyoyasema. Mpaka wangu ni huo: kuficha kunaruhusiwa kupunguza, lakini hakuruhusiwi kuzua.

Lipo pia suala la binti. Mama akijulikana, binti amejulikana, na saini ya mama haiwezi kumkubalia mtoto aibu atakayoibeba akiwa mkubwa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 16, unamlinda mtoto asiingiliwe faragha yake kiholela. Mimi huona kwamba panapokuwa na mtoto, mzazi afichwe hata kama yeye mwenyewe yuko tayari kuonesha uso.

Miezi kadhaa baadaye yule mama alitaka atolewe kabisa. Binti mkubwa wa nyumba ile alikuwa ameposwa, naye aliogopa maneno yafike kwa wakwe. Kuna watengenezaji ambao wangemwonesha karatasi iliyoandikwa kwamba ruhusa haiondoleki. Karatasi ya namna hiyo huandikwa kwa ajili ya kituo cha televisheni na mfadhili, na mimi naona si haki kumsainisha mtu ambaye hatari yake hubadilika kila panapotokea ndoa, talaka au mirathi. Yeye alikuwa ameelezwa tangu mwanzo, kwa mdomo na kwa lugha nyepesi, kwamba kabla ya filamu kufungwa anaweza kujitoa bila kutoa sababu, na kwamba baada ya kutoka tutaweza kufuta nakala zilizo mikononi mwetu lakini si zile ambazo watu wameshatumiana kwa WhatsApp. Bahati njema filamu ilikuwa bado haijatoka. Simulizi yake ilikuwa moja kati ya tatu, na ilipotolewa filamu ilifupika bila kuanguka. Filamu inayomtegemea mtu mmoja humtia mhariri kishawishi cha kumbembeleza, na mwanamke anayeona muhali atabembelezeka.

Ikiwa filamu imeshapandishwa YouTube, mwenye chaneli anaweza kukata kipande au kuweka ukungu juu ya video bila kubadili anwani yake. Kwa televisheni, haki ya kubadilisha nakala lazima iandikwe kwenye mkataba kabla ya kuikabidhi filamu, kwa sababu baadaye hakuna atakayekuwa na haraka nayo.

Mwisho ni kadi za kamera. Ukungu huwekwa kwenye nakala ya mwisho tu. Kadi ya asili ina mlango, adhana na sauti halisi, na faili la simu linaweza kubeba hata mahali lilipopigwa. Karatasi ya idhini yenyewe ina jina kamili. Sisi tulimwita kwa namba katika kila faili, karatasi ikakaa mbali na diski, na diski ikafungwa kwa nywila. Alipojitoa, faili zake zilifutwa kwenye diski zote, ya akiba pamoja, kisha mwenzetu yule wa kike akampelekea karatasi yake aichane mwenyewe.