Safu mbili au jedwali zima? Umbali wa uhariri na kinachopotea tukibana kumbukumbu

"Kama safu mbili zinatoa nambari ileile, jedwali zima ni la nini tena?" (Swali la mwanafunzi wa programu, Kisauni.)

Swali linahusu umbali wa uhariri, nambari inayosema maandishi mawili yanatofautiana kiasi gani: unaweza kuihesabu ukishika jedwali zima la hesabu, au safu mlalo zake mbili tu kwa wakati mmoja. Inategemea jibu linakwenda kwa nani. Likienda kwenye programu nyingine inayotaka nambari tu, safu mbili zinatosha na jedwali ni mzigo. Likienda kwa mtu anayetaka kuona maandishi mawili yameachana wapi, basi safu mbili zimeshatupa kile hasa anachokitafuta. Nadhani vitabu vingi vya programu vinaupita upande huu wa pili haraka mno.

Tuchukue kazi inayofanyika Mombasa. Mazungumzo ya wazee wa Mji wa Kale yamerekodiwa, na watu wawili wamepewa sauti ileile waiandike, kila mmoja kwa wakati wake. Mzee anasema "kitwa", kama wasemavyo watu wa Kimvita. Mwandishi wa kwanza anaandika alichosikia. Wa pili, kwa mazoea ya shuleni, anaandika "kichwa". Tunataka kompyuta ituambie maandishi hayo mawili yanatofautiana kiasi gani, na yanatofautiana wapi.

Umbali wa uhariri, kipimo alichokieleza Vladimir Levenshtein mwaka 1965, ni idadi ndogo kabisa ya mabadiliko yanayoligeuza neno moja kuwa jingine, na mabadiliko yanayoruhusiwa ni matatu: kuongeza herufi, kufuta herufi, au kubadilisha herufi moja kwa nyingine. Njia ya kuuhesabu kwa jedwali ilichapishwa na Wagner na Fischer mwaka 1974. Neno moja linateremka ubavuni, jingine linakaa juu, na kila seli inashika umbali kati ya mwanzo wa neno hili na mwanzo wa lile, mpaka hapo lilipofika.

```
        k  i  c  h  w  a
     0  1  2  3  4  5  6
  k  1  0  1  2  3  4  5
  i  2  1  0  1  2  3  4
  t  3  2  1  1  2  3  4
  w  4  3  2  2  2  2  3
  a  5  4  3  3  3  3  2
```

Kila seli inajazwa kwa kutazama majirani watatu. Wa juu ukimwongezea 1 umefuta herufi. Wa kushoto ukimwongezea 1 umeongeza herufi. Wa pembeni, juu kushoto, anachukuliwa bure herufi zikilingana, na kwa 1 zisipolingana. Unachagua iliyo ndogo. Seli ya mwisho chini kulia inasema 2, na huo ndio umbali wa "kitwa" na "kichwa".

Sasa rudi nyuma kutoka kwenye ile 2 ya mwisho. "a" imelingana na "a", "w" na "w", na tunafika kwenye seli ya "t" na "h", yenye 2. Hapo njia inagawanyika. Unaweza kwenda kushoto: "t" imebadilishwa kuwa "c", kisha "h" ikaongezwa. Au unaweza kwenda pembeni: "c" imeongezwa, kisha "t" ikabadilishwa kuwa "h". Zote mbili zinagharimu 2. Jedwali linakuonyesha kwamba majibu ni mawili, na kwamba ugomvi wote uko kwenye "t" dhidi ya "ch". Hapo mtu anayeijua lugha anang'amua kuwa kipimo kimehesabu herufi, ilhali sauti iliyobadilika ni moja. Dawa yake ni rahisi: mfuatano si lazima uwe wa herufi moja moja. Ukiifanya "ch" kuwa kitu kimoja, umbali unashuka kuwa 1 na ile njia panda inatoweka. Uamuzi huo usingeufikia kwa kuitazama nambari 2 peke yake.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Tazama tena jinsi seli inavyojazwa: majirani wote watatu wako kwenye safu mlalo ileile au ile iliyo juu yake. Safu zilizotangulia haziulizwi tena. Basi za nini kuzishika?

```python
def umbali(a, b):
    if len(b) > len(a):
        a, b = b, a
    juu = list(range(len(b) + 1))
    for i, x in enumerate(a, 1):
        chini = [i]
        for j, y in enumerate(b, 1):
            chini.append(min(juu[j] + 1,
                             chini[j - 1] + 1,
                             juu[j - 1] + (x != y)))
        juu = chini
    return juu[-1]
```

Ile mistari miwili ya mwanzo inahakikisha safu zina urefu wa neno fupi. Inaruhusiwa kwa sababu kuongeza na kufuta vina bei moja hapa. Siku ukiweka bei tofauti, ukibadilishana maneno sharti ubadilishane na bei zake, la sivyo unapima safari ya kurudi ukidhani ni ya kwenda.

Kwa maneno mafupi faida yake haionekani: seli 42 dhidi ya 12. Lakini mahojiano yaliyoandikwa yakifika herufi 20,000 kila upande, jedwali lina seli milioni 400, na kwa baiti 4 kila seli hiyo ni takriban gigabaiti 1.6. Safu mbili zinakula kama kilobaiti 160 tu. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo italemewa na jedwali, na hizo safu haitazihisi.

Na iko kazi ambayo kwayo safu mbili ni bora bila ubishi: kutafuta neno la karibu kwenye orodha ndefu. Mtu ameandika "Kongoweya", nawe unataka kujua kama alikusudia Kongowea, na orodha ina maelfu ya majina. Hapa hakuna anayejali njia, kinachotakiwa ni jina lenye umbali mdogo. Tena kuna nyongeza inayokwenda vizuri na safu mbili: thamani ndogo kabisa ya safu haishuki kadiri unavyoteremka. Kwenye jedwali letu ni 0, 0, 0, 1, 2, 2. Kwa hiyo ukisema hutaki jina lolote linalozidi umbali wa 2, mara safu nzima ikipita 2 unaliacha jina hilo na kuendelea na linalofuata. Majina mengi yanakatwa mapema.

Kuna kosa moja la safu mbili ambalo linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu halitoi ujumbe wowote wa hitilafu. Msimbo wa hapo juu unaunda orodha mpya kila safu. Anayetaka kasi zaidi hutenga orodha mbili mara moja, kisha huzitumia tena na tena. Akiandika `juu = chini` bila kubadilishana, majina yote mawili yanaelekea kwenye orodha moja. Kuanzia safu ya pili, thamani ya pembeni inakuwa imeshafutwa kabla ya kusomwa. Programu inamaliza kazi na inatoa nambari inayoonekana ya kawaida. Namna ya kulikamata ni kupima neno na lenyewe: "kitwa" kwa "kitwa" lazima iwe 0, lakini kosa hili linatoa 4. Mwenye jedwali zima angelichapisha akaona mara moja ni safu gani imeharibika. Mwenye safu mbili, ushahidi umeshafutwa.

Turudi kwa waandishi wetu wawili. Tukiwaambia kazi zao zina umbali wa 310, kwa mfano, hatujawaambia lolote la kufanyia kazi. Je, mmoja aliruka sentensi nzima, au wote waliandika kila kitu na tofauti ni "kitwa" na "kichwa" zilizotapakaa? Nambari inaweza kuwa ileile kwa hali zote mbili. Hapa mimi nasimama upande wa njia dhidi ya nambari, hata kama inagharimu zaidi.

Bei yenyewe si lazima iwe gigabaiti 1.6. Mwaka 1975 Hirschberg alionyesha namna ya kuipata njia kwa kumbukumbu ndogo, na ujanja wake unajengwa juu ya safu mbili zilezile. Unaligawa neno la ubavuni nusu kwa nusu: "ki" na "twa". Kwa "ki" unahesabu kutoka mbele na kushika safu ya mwisho: 2, 1, 0, 1, 2, 3, 4. Kwa "twa" unahesabu kutoka nyuma, ukilipima na kila mkia wa "kichwa", kuanzia neno zima hadi mkia mtupu: 4, 3, 2, 1, 1, 2, 3. Ukizijumlisha moja kwa moja unapata 6, 4, 2, 2, 3, 5, 7. Palipo na jumla ndogo ndipo njia inapokatiza, kisha unairudia kazi hiyo kwa kila nusu. Muda unaongezeka kama mara mbili. Angalia pia kwamba 2 imetokea mara mbili, kwa sababu neno linaweza kukatwa "ki" na "chwa" au "kic" na "hwa". Ni ile njia panda yetu. Algoriti itachagua moja na kunyamaza kuhusu nyingine, isipokuwa uiambie isinyamaze.

Lakini hakuna kati ya hizi inayopunguza muda: safu mbili zinajaza seli milioni 400 zilezile, na Hirschberg anajaza karibu maradufu. Kwa maandishi mawili ya sauti moja, naona mbinu inayofaa zaidi ni ukanda. Maandishi hayo yanafanana sana, kwa hiyo njia haitoki mbali na ulalo wa jedwali, ule mstari unaoteremka kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Chagua kikomo, tuseme 500, ujaze seli zisizozidi hatua 500 kila upande wa ulalo. Zinabaki kama milioni 20, na unaweza kuzihifadhi zote pamoja na njia yake: kwa baiti moja ya mwelekeo kila seli, hiyo ni megabaiti 20. Jibu likiwa 500 au chini yake, ni sahihi, kwa kuwa njia ya bei hiyo haiwezi kutoka nje ya ukanda. Likizidi 500, lisiaminiwe: ongeza kikomo hadi 1,000 na ujaze upya.