Mzee wa Kivuko Alivyotuzimia Umeme

Basi bwana, kwa wasiojua, mi ndo gemu masta wa kikundi chetu cha D&D. Kwa lugha nyepesi, wenzangu wanne kila mmoja ana mhusika wake, mi nakuwa dunia yote iliyobaki: mvua, majambazi, muuza samaki, joka, mbuzi. Wao wanasema wanachotaka kufanya, tunarusha dadu ya pande ishirini, dadu inaamua kama wamefanikiwa au wameaibika. Tunachezea sebuleni Tabata kila Jumamosi, na kisa hiki kimoja tulikianza miaka miwili nyuma kwa kutumia zile kanuni za bure tulizoziprinti stationari na kuzitia ringi. Kurasa za mbele zina alama za chapati mpaka leo.

Wachezaji nawapa majina ya mtaani tu. Fundi ni mpiganaji, tatizo lolote kwake dawa yake ni shoka. Dokta ni kasisi, ndo mwenye uchawi wa kutibu. Mangi ni mwizi, kwenye gemu lakini, ingawa akikaa karibu na sahani ya sambusa huwa napata mashaka. Shemeji ni mchawi, alikuja mara ya kwanza kumsubiri mchumba wake Fundi amalize kucheza waondoke, akakaa, na sasa anajua kanuni kuliko sisi wote.

Sasa ile Jumamosi ilikuwa ya mwisho. Joka limekaa mnarani ng'ambo ya mto, kisa kinaisha leo. Niliandaa wiki tatu. Na kati ya vitu nilivyoandaa kulikuwa na mzee mmoja wa kivuko, ana mtumbwi, ana kengele. Kazi yake ilikuwa ndogo tu, kuwavusha.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Mzee wangu alifariki mwezi wa tatu. Hawa wote wanne walipanda basi wakaja mpaka Muheza, wakatoa rambirambi, wakalala kwenye mikeka, Fundi akabeba viti mpaka mgongo ukamkatika. Kwa hiyo msiba wanaujua. Ambacho hawakukijua ni simu. Mzee alikuwa mstaafu wa reli, nyumba ya Tabata ni yake, na kila usiku lazima apige kutoka Muheza kuuliza swali moja, "umeme umebaki uniti ngapi?" Yaani mtu yuko mbali huko hatumii hata balbu moja ya nyumba hii ila anataka hesabu. Alikuwa na daftari lake la uniti, aliniachia, na namba ya mita kaiandika ukutani jikoni kwa kalamu ya wino, kubwa, kama tangazo la kupangisha. Sasa usiku wake wa mwisho, Jumamosi vilevile ya gemu, akapiga saa mbili na dakika kumi. Tulikuwa katikati ya vita na buibui, zamu ya Dokta, nikaona "Mzee" kwenye kioo, nikabonyeza ile ya kukata inayotuma ujumbe "Nitakupigia", nikalaza simu kifudifudi. Sikupiga. Alfajiri aliyenipigia ni shangazi.

Haya, turudi kwenye gemu.

Nilipanga kengele ya mzee wa kivuko ianze kulia mapema. Wao wako kijijini wananunua mishale, nawaambia, "mnasikia kengele upande wa mtoni." Mangi akauliza kama kuna duka la kuuza dhahabu. Nikawaambia tena, kengele inalia. Fundi akasema ni kanisa. Mara ya tatu Shemeji akasema jamani twendeni, wakamjibu tumalize kugawana kwanza, wakagawana kwa dakika hamsini za saa halisi, nimezihesabu.

Sasa kilichonishangaza, kama nusu saa hivi kabla hatujafika mtoni, wakaanza kunisifia. Dokta akasema, "Kaka leo umejipanga, mpaka sauti umeweka." Sauti gani? "Hiyo kengele." Nikanyamaza nikasikiliza, kweli kuna kitu kinalia, pi, pi, pi, kwa mbali. Nikadhani ni geti la jirani. Ila sifa hazikataliwi, nikakaza sura kama mtu aliyepanga, nikasema, "Mnaisikia eeh? Inazidi."

Walipofika mtoni mzee alikuwa ameshakufa. Kakaa ndani ya mtumbwi, kamba ya kengele mkononi.

Ukimya. Halafu Dokta akachangamka, "Hamna shida, namfufua." Na hapa ndipo nilipojishangaa mwenyewe. Uchawi wake wa kufufua unataka vitu viwili: aliyekufa asizidishe dakika moja, na kuwe na almasi ya sarafu mia tatu za dhahabu, inayeyuka hapohapo. Nikasema mzee ana masaa matatu tangu afe. Dokta akasema tupunguze bwana. Nikasema hapana. Almasi je? Wote wakamgeukia Mangi, Mangi akaanza kuangalia feni, kumbe kaiuza kikao cha kumi na nne akanunua farasi, na farasi mwenyewe alizama.

Fundi akaja juu. "We gemu masta si ulimruhusu Shemeji apande mamba kama bodaboda? Kanuni haisemi! Leo ndo unakuwa hakimu?" Na ni kweli, mi kwa kawaida kitu kikichekesha napitisha. Pia gemu masta yeyote anajua, usitundike hadithi nzima kwenye msumari mmoja, jambo la lazima wachezaji walijue weka njia tatu za kulijua, maana mbili watazipita bila kuziona. Mi nilikuwa nimeweka moja. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika njia zingine, nikazifuta, nikaandika tena, nikafuta. Nikawaambia masaa matatu ni masaa matatu, amepoa, basi.

Shemeji ndo akakumbuka kuwa Dokta ana uchawi mwingine, wa kuongea na maiti. Huo masharti yake ni haya: maiti anajibu maswali matano tu, anajua alichokijua akiwa hai, yaliyotokea baada ya kufa hayajui, na majibu yake ni mafupi ya mkato. Dokta akawasha uchawi, akakohoa, akainama kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee, unanisikia?"

Nikasema, "Marahaba. Nakusikia. Yamebaki manne."

Kelele! Dokta anasema ile ilikuwa salamu, nikamwambia shikamoo ni salamu, unanisikia ni swali. Mangi kaziba uso. Wakaanza kubishana swali la pili liwe nini, na kwenye ule ubishi Mangi akamchokoza Dokta sikioni na Dokta, bila kufikiri, akalitamka zima zima, "Mzee hela zako umeficha wapi?"

"Chini ya gunia la dagaa."

Wakafukua, sarafu kumi na mbili za fedha. Mangi akazipokea kwa niaba ya wote.

La tatu likawa la maana kidogo. "Joka liko wapi?"

"Asubuhi lilikuwa juu ya mnara. Sasa hivi sijui, mi si nimekufa."

La nne Fundi alisisitiza liwe la kivita. "Tunavukaje?"

"Kwa mtumbwi."

Fundi akapiga meza mpaka dadu mbili zikaruka, moja ikaingia kwenye bakuli la pilipili ya Shemeji na tukakubaliana kutoiangalia imetoka ngapi. Limebaki moja. Fundi anataka waulize joka linaumia wapi. Mangi anataka kujua hazina. Shemeji hakupiga kelele, alisema tu, "Muulizeni alikuwa anaita nini. Kengele imelia siku nzima na sisi tuko dukani."

Wakatazamana. Nadhani waliona aibu, kwa wahusika wao. Dokta akainama akauliza, taratibu. "Mzee, ulikuwa unatuitia nini?"

Na mi sikuwa na jibu. Ukurasa wangu ulikuwa na maswali kama thelathini niliyobashiri na majibu yake, hili sikuliandikia kitu, na msinidanganye kwamba nililisahau. Nikafungua mdomo. Ile pi, pi, pi ikanyamaza.

Taa ikazima. Feni ikaanza kupunguza mwendo, ile sauti yake ya kuchoka. Giza totoro. Hakuna aliyesogea, walijua ni sehemu ya gemu! Nikasikia Mangi ananong'ona, "Huyu jamaa ni noma."

Ndo nikaelewa kilichokuwa kinalia jikoni ni mita ya Luku, inaomba uniti lisaa zima, na mi nimekaa najigamba ni kengele yangu.

Watu wanne kwenye giza wananisubiri maiti nijibu. Na kilichotoka hakikuwa sauti ya mzee wa kivuko niliyoifanyia mazoezi, ile ya kukwaruza. Ilitoka ya mzee mwenyewe, ya Muheza, na lile kohozi dogo la mwanzo.

"Nilikuwa nataka kuuliza, umeme umebaki uniti ngapi?"

Aisee walicheka. Fundi alianguka na kiti, namsikia tu chini anapiga sakafu. Dokta anasema mbavu, mbavu. Na mi nilikuwa nacheka pia, halafu katikati hapo sikuwa nacheka tena, ila kwenye giza sauti zinafanana.

Mangi, na hii atatusimanga nayo mpaka tuchoke, ndo aliyenunua umeme wa elfu tano kwa simu yake. Zikaja namba ishirini. Shemeji akanimulikia tochi jikoni, namba ya mita iko pale ukutani na wino wake, Dokta anasoma tokeni kwa sauti kama anasoma matokeo ya uchaguzi. Nikaingiza, nikakosea. Nikaingiza tena, mita ikagoma tena. Fundi toka sebuleni, "Hiyo ni mara ya pili, ukikosa ya tatu umekufa!" maana kwenye kanuni mhusika aliyeanguka akikosa dadu tatu ndo basi. Ya tatu Shemeji akanisogeza pembeni akabonyeza mwenyewe.

Taa ikawaka, akaniangalia usoni.

"Moshi wa mshumaa," nikamwambia.

Hatukuwa na mshumaa. Akarudi sebuleni.

Joka lilikufa saa sita kasoro, ila si kwa sababu ya mipango yangu. Mangi alishaamua kuwa "uniti" ni fumbo la mzee, kwamba joka lina nguvu za akiba na zinahesabika, wakatumia dakika arobaini kulichokoza liteme moto bure mpaka liishiwe. Kwenye daftari langu hakuna kitu kama hicho. Nikapitisha. Mzee wa kivuko walimvusha na mtumbwi wake, Fundi alipiga kasia.

Kesho yake usiku simu ikaita, nikaipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Shemeji.

"Umeme umebaki uniti ngapi?"

Nikamwambia subiri, nikaenda jikoni kuangalia.