Soli Iliyoingia Kwenye Zawadi

Binamu yangu wa Bombo alipotuita tumsindikize kwanjula, sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe, huko Masaka, masharti yalikuwa machache: kanzu nyeupe, koti, na viatu vyeusi vya ngozi. Kanzu ninayo. Koti nikaazima kwa jirani. Viatu nikavikuta kwenye stetasi ya WhatsApp ya muuzaji mmoja wa Kampala, pua ndefu, vinang'aa, na pembeni mwa soli uzi mweupe umezunguka kiatu kizima bila kupinda hata kidogo. "Ngozi halisi bosi, vimeshonwa kwa mkono," akaandika. Nikatuma shilingi 85,000 kwa simu, bodaboda akavileta mpaka mlangoni, na nilipofungua boksi harufu ya ngozi ikatawala chumba. Mke wangu akauliza nani ameleta mbuzi ndani.

Masaka ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Tukapangwa mstari kuingiza zawadi uani kwa wakwe, mimi nikabebeshwa kapu la sukari begani. Nusu ya njia nikahisi mguu wa kulia umekuwa mwepesi ajabu. Nikasema labda ni baraka. Hatua mbili mbele, soksi ikaanza kunywa maji, na nilipogeuka nikaiona soli yangu imelala kwenye nyasi, peke yake, imetulia.

Ningeiacha. Lakini binti mmoja wa pale, mwenye adabu zake zote, akaiokota, akaipangusa matope, akapiga magoti na kuiweka mkekani katikati ya zawadi. Sasa msemaji wa upande wa bibi harusi, ambaye kazi yake siku hiyo ni kututania, hakuhitaji zaidi ya hapo. Akashika kipaza sauti. "Sukari tumeona. Gomesi za mashangazi tumeona. Senga, hii nayo ni ya nani?" Senga, yaani shangazi wa bibi harusi, akaigeuza, akaipima kwa macho. "Itakuwa ya baba mkwe. Nyingine bado iko njiani." Hema zote mbili zikacheka. Nashukuru kanzu hufika chini.

Kesho yake nikampelekea fundi viatu wetu, mzee aliyestaafu jeshini na bado anazungumza Kiswahili cha kambini. Akaishika soli, akaigeuza juu chini.

"Afande, uzi uko wapi?"

Nikamwonyesha ule mweupe wa pembeni.

"Huo ni pambo. Uzi ukishona soli lazima utokee upande wa pili." Akapitisha kucha chini ya soli: laini kabisa, hakuna mfereji wala tundu la sindano. Mishono ya pembeni ilikuwa imepita kwenye ukanda mwembamba wa plastiki tu, na ule ukanda wenyewe umebandikwa. "Gundi si dhambi," akasema. "Viatu vingi vizuri vimebandikwa. Lakini mwenye kubandika vizuri hukwaruza ngozi kwanza ili gundi ishike. Tazama hapa." Sehemu iliyobanduka ilikuwa inang'aa, na gundi imetoka nzima nzima, utando mmoja.

Akang'oa kitambaa cha ndani cha kukanyagia. Chini yake kadibodi ya kijivu, iliyovimba kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai. Kisha akachukua kisu na kukata kipande kidogo ukingoni mwa kiatu. Ngozi ikikatwa huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana tangu juu mpaka chini. Yangu ilikuwa utando mweusi wa plastiki juu ya kitambaa cheupe.

"Na ile harufu ya mbuzi, mzee?"

"Hunyunyizwa."

Nikamwandikia muuzaji. Akajibu upesi, "Kwani ulitembea navyo kwenye maji?" Nikamwambia nilikuwa natembea navyo Uganda. Akaniambia hivyo ni vya shughuli za ndani. Nikamwomba basi anitumie video ya jozi nyingine: akigeuze kiatu chini, akikunje, na ainue kitambaa cha ndani kwenye mwanga. Alama ya kusomwa ikatokea. Baadaye picha yake ikatoweka, nikajua nimefungiwa.

Nikashuka soko la Owino, ambako angalau kiatu hukishika mwenyewe. Nikakigeuza, nikatafuta uzi chini, nikaukuta umezama mferejini. Nikakikunja: kikakunjikia penye vidole, panapokunjika mguu, na katikati kikakaa imara. Nikabonyeza ngozi kwa kidole gumba, mikunjo midogo ikajitawanya ovyo, kisha ikatoweka. Nikaingiza kucha kuinua kitambaa cha ndani, na hapo mwenye kibanda akanishika mkono.

"Hajji, unanunua kiatu au unamwosha maiti?"

Nikamwambia aninyooshee na cha kushoto.