Sijafuta duka la mtu, jamani

Najua mshkaji wangu ameshawasimulia kwamba nimefuta duka zima la bosi, sasa naomba mnisikilize na mimi. Sijafuta duka. Nimefuta robo.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma katalogi yote kutoka soko la mtandaoni anakouzia bosi, bidhaa 12,000, niziingize kwenye tovuti yake mwenyewe, na chochote ambacho skripti haikukiona huko kiandikwe "Imeisha". API inatoa bidhaa 100 kwa ukurasa, kwa hiyo kurasa 120, na kila jibu linakuja na `next_cursor` ya kuombea ukurasa unaofuata. Na picha zote nikawa nashusha humo humo, ukurasa mmoja unakula kama sekunde 40. Tokeni inaishi sekunde 3600. Wenye hesabu zenu mmeshaanza kucheka, subirini.

Nikaona logi imeandika "Imekamilika", nikaenda zangu kula chipsi.

Simu ikaita. Bosi. Sauti ya upole, ile ya kutisha. "Mwanangu, sufuria zote zimenunuliwa leo?" Nikasema labda kuna harusi bosi, siku hizi watu wananunua kwa jumla (huyo ndiyo mimi, mtaalamu). Akasema haya, na taa? Nikafungua tovuti kwenye simu kwa kidole cha mafuta. Taa, Imeisha. Nikashuka chini. Vijiko, Imeisha. Vikombe, Imeisha. Viti, Imeisha. Hapo ndiyo nikakumbuka katalogi inakuja kwa alfabeti. "Na sahani je?" akauliza bosi, taratibu kabisa.

Mkosaji ni huyu hapa:

```python
r = requests.get(url, headers=h)
bidhaa = r.json().get("items", [])
if not bidhaa:
    break
```

Ukurasa wa 91 tokeni ikawa imekufa, seva ikajibu 401 na ujumbe wa kosa ambao hauna `items` ndani, skripti ikapata listi tupu ikaamini katalogi imeisha. Bidhaa 3,000 kwaheri. Majaribio nilifanya kwa kurasa chache, ningeonea wapi saa nzima ikipita?

Sasa hivi ikija 401 inaomba tokeni mpya kwa `grant_type=refresh_token` halafu inarudia ukurasa ule ule kwa `cursor` ile ile, mwisho ni pale `next_cursor` inapokosekana kwenye jibu la 200 tu, na idadi isipolingana na `total` hakuna kuandika "Imeisha" kwa mtu yeyote.

Ila hilo soko kila ukiomba tokeni mpya linakupa na `refresh_token` nyingine, ya zamani inakufa hapo hapo. Mimi ile mpya sikuihifadhi. Ikabidi nimpigie bosi tena, aingie kwenye akaunti abonyeze kuruhusu upya. Akabonyeza, halafu akaniuliza kama kwenye mshahara wangu napo pana kurasa.