Serikali Ikikopa, Mwenye Duka Abaki na Nini?

"Kwa nini benki inanizungusha miezi miwili kwa mkopo wa asilimia 18, wakati serikali inapewa mabilioni kwa mnada mmoja?" Aliniuliza dada mmoja anayeuza vitenge Kariakoo, mtaa wa Congo.

Tukae upande wa afisa mikopo. Mwaka 2021 hatifungani ya serikali ya miaka 25, yaani hati ya mkopo ambayo serikali huuza kwa mnada, ililipa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Sasa tuseme, kwa mfano tu, katika kila shilingi 100 zinazokopeshwa wafanyabiashara wadogo, 4 hupotea kwa wasiolipa na 2 huishia kwenye tathmini na ufuatiliaji. Ile 18 ya dada inabaki 12. Ili mkopo wake ulingane na hatifungani, ingebidi atozwe karibu 22. Tena kanuni za mtaji hazimlazimu mwenye benki kutenga mtaji kwa ajili ya hatari ya hatifungani ya shilingi, ila kwa mkopo wa duka lazima atenge. Kwa hesabu hiyo, afisa anayemnyima dada hana roho mbaya. Serikali imeweka sakafu ya bei ya fedha, na mfanyabiashara hulipa juu yake.

Aprili 2022 riba ya hatifungani hiyo ilishushwa hadi asilimia 12.56. Kwa mfano wetu, pengo lilikuwa karibu kufutika.

Hata hivyo, sikubali kwamba serikali ndiyo chanzo cha kila mlango uliofungwa. Mwaka 2017 na 2018 riba za hati za serikali za muda mfupi zilishuka sana, lakini mikopo kwa sekta binafsi ilikua kwa kusuasua. Benki zilikuwa zimeumwa na nyoka: mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ilizidi asilimia 10 ya mikopo yote. Fedha zilikuwepo, hofu ndiyo iliyozishika. Halafu si kila shilingi ya hatifungani inatoka benki. Mifuko ya pensheni hununua nyingi, na fedha zake zisingefika dukani kwa dada hata serikali isingekopa. Pia mkandarasi aliyedai muda mrefu akilipwa kwa fedha za mkopo huo, hulipa deni lake benki, na benki hupata cha kukopesha tena.

Kwangu mimi, kusukumwa nje, yaani serikali kumtangulia mfanyabiashara kwenye fedha za benki, kupo, ila humuumiza zaidi yule mwenye hesabu zisizoandikwa na nyumba isiyo na hati, kwa sababu ile 6 ya hasara na gharama kwake ni kubwa zaidi. Mwenye kiwanda Chang'ombe, mwenye vitabu vilivyokaguliwa, bado hubembelezwa.

Dada nilimshauri achukue taarifa za robo mwaka ambazo benki huchapisha magazetini, alinganishe mistari miwili: uwekezaji katika dhamana za serikali na mikopo kwa wateja. Wa kwanza ukipanda robo baada ya robo huku wa pili umelala na mikopo chechefu ni michache, hapo serikali imemtangulia kwenye foleni. Mikopo chechefu ikiwa ndiyo inayopanda, tatizo liko ndani ya benki yenyewe.